Shajara ya mradi: Kulinganisha bei za nondo, mabati na simiti, Kisumu hadi Maseno

Shajara hii inafuata ununuzi wa vifaa vya nyumba ya vyumba vitatu inayojengwa karibu na Maseno. Paa lake lina migongo miwili na urefu wa mita 14. Bei ziliulizwa kwa wauzaji wanne: wawili mjini Kisumu, mmoja Luanda na mmoja Maseno. Hawatajwi kwa majina, maana anayetaka kufuata kazi hii anahitaji njia ya kupima. Bei zenyewe zitakuwa zimebadilika kabla hajafika dukani.

Jumatatu, 3 Februari 2025: Duru ya kwanza ya bei, iliyotupwa

Mahitaji kwa makadirio ya fundi ni nondo za D12, yaani za kipenyo cha milimita 12, vipande 64, za D8 vipande 40, mabati ya paa zima, na simiti mifuko 230 hivi.

Duru ya kwanza ilifanywa kwa simu, tukiuliza "nondo ya D12 ni pesa ngapi, mabati ya geji 30 ni ngapi, simiti ni ngapi". Majibu yalikuja haraka na hayakufaa kitu. Muuzaji mmoja alitaja bei ya mabati kwa mita, mwingine kwa bati la mita 3. Wawili walitaja simiti ya 32.5N na mmoja 32.5R, na hakuna aliyesema tofauti hiyo hadi alipoulizwa. Muuzaji wa D12 aliyeonekana rahisi kuliko wote, Sh1,069, alikuwa ametaja bei bila VAT. Ukiongeza asilimia 16 inafika Sh1,240, na ghafla yeye ndiye ghali kuliko wote.

Karatasi hiyo iliwekwa kando na swali likaandikwa upya, likatumwa kwa wote kwa maneno yale yale:

"Nahitaji D12 za mita 12, vipande 64. Naomba bei ya kipande kimoja pamoja na VAT, bei ikiwa nachukua 50 na bei ikiwa nachukua 100. Je, naruhusiwa kukata sampuli ya mita moja na kuipima kabla ya kulipa? Usafiri hadi Maseno ni kiasi gani, na lori linashusha mzigo wapi?"

Kwa mabati tuliongeza unene wa milimita, aina ya mpako na iwapo yanakatwa kwa urefu anaotaka mteja. Kwa simiti tuliongeza daraja lililoandikwa kwenye mfuko, pamoja na herufi ya mwisho. Swali la sampuli ndilo lililochuja kuliko yote, kwa sababu muuzaji wa Maseno alikataa nondo zake zisipimwe. Kwa nondo, basi, tulibaki na watatu: A na B wa Kisumu, na C wa Luanda.

Jumamosi, 8 Februari: Nondo kwa kilo, si kwa kipande

Bei za kipande kimoja cha D12, VAT ikiwemo: A Sh1,240, B Sh1,130, C Sh1,190. Ukiishia hapo unamchukua B, na unaokoa Sh60 kwa kila kipande.

Kosa la kwanza lilikuwa kupima kwa kalipa. Nondo ya B ilisoma milimita 11.9 na ikaonekana safi. Lakini meno ya kalipa yalikuwa yamekaa juu ya mbavu za nondo, na mbavu hizo huongeza karibu milimita moja kwenye kiini ambacho kimsingi ndicho kinachobeba mzigo. Ukipima katikati ya mbavu nako unapata namba ndogo mno, kwa sababu mbavu ni sehemu ya chuma unachonunua. Kalipa haifai kuamua nondo yenye mbavu. Kinachofaa ni uzito.

Uzito wa kawaida wa mita moja ya nondo, kwa kilo, ni kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162. Kwa D12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani karibu kilo 0.888. D8 ni kilo 0.395, D10 kilo 0.617 na D16 kilo 1.58. Viwango vinaruhusu D12 ipungue au izidi kwa asilimia 4.5, kwa hiyo chini ya kilo 0.848 kwa mita si D12 tena, hata ikiwa imepakwa rangi ya D12 kwenye ncha.

Kila duka lilikata kipande cha mita moja kutoka nondo iliyochaguliwa katikati ya rundo, kisha nondo nzima ikapimwa urefu kwa utepe. Mizani ilikuwa ndogo, ya jikoni, iliyohakikiwa kwanza kwa jiwe la kilo moja la muuza nafaka. Kipande kikipungua au kuzidi kwa sentimita moja, kosa ni asilimia moja, kwa hiyo inabidi kukipima urefu tena baada ya kukata. Msumeno haukati pale ulipochora.

A: kilo 0.872 kwa mita, urefu mita 12.00, nondo nzima kilo 10.46.
B: kilo 0.748 kwa mita, urefu mita 11.60, nondo nzima kilo 8.68.
C: kilo 0.861 kwa mita, urefu mita 11.95, nondo nzima kilo 10.29.

Ukigawanya bei kwa kilo, A anauza kilo moja kwa Sh118.5, B kwa Sh130.2 na C kwa Sh115.7. Yule wa bei ya chini ndiye anayeuza chuma ghali kuliko wenzake. Ukirudisha uzito wa B kwenye kipenyo, nondo yake ni ya milimita 11.0, na eneo la chuma ni asilimia 84 ya lile ambalo mchoro unalitegemea. Hapo hasara si ya pesa tu. Mshipi wa zege unaopita juu ya kuta umehesabiwa kwa nondo nne za D12, na nondo nne za B zina chuma cha nondo tatu na kitu kidogo.

B alieleza bila kuficha: "Mzee, hii ni D12 ya soko." Kwa lugha ya madukani maana yake ni kwamba kila mtu anajua imepunguzwa. Anayeuliza bei kwa kipande haelezwi.

Kwa anayetumia jedwali la kompyuta, weka bei kwenye safu ya C, kilo kwa mita kwenye D na urefu kwenye E:

```
=C2/(D2*E2)
```

Punguzo la wingi nalo liingizwe kwenye hesabu hiyo hiyo. C anashusha hadi Sh1,165 kuanzia vipande 50, na Sh1,140 kuanzia 100. Kwa 64 tunalipa Sh74,560, yaani Sh113.2 kwa kilo. Kufika 100 ili kupata punguzo la pili kungeongeza Sh39,440 kwa nondo 36 ambazo nyumba haizihitaji.

Tahadhari kwa anayenunua kwa tani: tani moja ya D12 kamili ni kama vipande 94. Maduka mengi huhesabu hivyo vipande 94 na kuviita tani bila kuvipitisha kwenye mizani, kwa hiyo nondo nyepesi inakupa "tani" isiyofika kilo 1,000.

Uzito hauonyeshi nguvu ya chuma chenyewe. Kwa hilo tuliangalia herufi za kiwanda zilizochomoza kwenye nondo, tukaomba nakala ya cheti cha kiwanda cha shehena hiyo, na fundi akakunja sampuli kuzunguka bomba la milimita 48, mara nne ya kipenyo. Ikipasuka upande wa nje wa kona, hairudi kwenye orodha. Zote tatu zilipita, hata ya B. Chuma chake si kibovu, ni kidogo.

Gharama ya siku: sampuli tatu Sh330, usafiri wa matatu Sh600.

Ijumaa, 14 Februari: Mabati, na upana unaofunika

"Geji 30" haina unene mmoja madukani. Mabati mawili ya boksi yenye rangi, yote yakiitwa geji 30, yalitoka P (Kisumu) kwa Sh520 kwa mita na Q (Kisumu pia, anayekata kwa mashine yake mwenyewe) kwa Sh560.

Mikromita inapima chuma, mpako na rangi kwa pamoja, kwa hiyo bati lenye rangi nzito linaweza kusoma vizuri na chuma chake ni chembamba. Mizani imesaidia tena. Uzi ulilazwa kwenye ncha ya bati ukifuata kila tuta na kila bonde, kisha ukanyooshwa na kupimwa. Huo ndio upana wa bati kabla ya kukunjwa, na kwa yote mawili ulikuwa mita 1.00. Bati la P la mita 3 lilikuwa na kilo 5.35, la Q kilo 6.05. Gawanya uzito kwa urefu, kwa upana wa uzi, na kwa 7.85, unapata unene wa jumla kwa milimita: P 0.227, Q 0.257. Chuma chenyewe ni pungufu kidogo ya hapo, maana mpako na rangi vimo ndani ya uzito. Mpako wa Q ni AZ150, yaani gramu 150 za alumini na zinki kwa kila mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili. P alisema AZ100. Kwa mvua za huku Magharibi tofauti hiyo ina uzito wake.

Kosa la pili la mradi lilitokea hapa. Upana ulipimwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mabati yote mawili yakaonekana karibu sawa, P sentimita 92 na Q 95. Kwa hesabu hiyo P alibaki na bei nafuu. Lakini ukingo mmoja wa kila bati unalala juu ya jirani yake, na mabonde ya P ni marefu zaidi na mlalo wake mpana zaidi. Marekebisho ni rahisi: laza mabati mawili chini, yapandane kama yatakavyokuwa juu ya paa, kisha pima kutoka tuta la kwanza la bati moja hadi tuta la kwanza la bati la pili. P anafunika sentimita 84, Q sentimita 90. Bei kwa mita ya mraba inayofunikwa inakuwa Sh619 kwa P na Sh622 kwa Q. Tofauti ya Sh40 imekwisha, na Q ana chuma kinene zaidi.

Kisha urefu. Kutoka kofia hadi ukingo wa chini paa letu ni mita 5.40. P anauza mabati yaliyokatwa tayari ya mita 2, 2.5 na 3. Mita 2.5 na 3 pamoja ni 5.5, na ukitoa sentimita 20 za kupandana zinabaki 5.3, hazifiki. Inabidi mawili ya mita 3, na unalipia mita 6.00 kwa kila safu. Q anakata mita 5.40 kamili.

Hesabu ya paa zima: kwa P, mita 14 gawanya kwa 0.84 ni safu 17 kila upande, jumla 34, kila moja Sh3,120, yaani Sh106,080. Kwa Q, mita 14 gawanya kwa 0.90 ni safu 16, jumla 32, kila moja Sh3,024, yaani Sh96,768. Usafiri wa Q ni ghali zaidi kwa Sh2,500 kwa sababu bati la mita 5.40 linataka lori lenye kitanda kirefu. Hata hivyo anabaki nafuu kwa Sh6,812, na paa halina mshono katikati.

Tumemlipa Q amana ili ashikilie bei, na mabati hayatakatwa hadi mbao za paa zisimame. Mabati yaliyorundikwa yakiwa na maji katikati huota madoa meupe ndani ya wiki chache, na doa hilo ni mpako unaoliwa.

Ijumaa, 21 Februari: Nondo zimefika, si zote zilizopimwa

Kwenye ankara ya C iliandikwa: "D12, uzito usiopungua kilo 0.848 kwa mita." Mstari huo umetufaa leo. Kati ya nondo 64, 11 hazikuwa na herufi zilizochomoza kama zile nyingine, na mbavu zake zililala kwa pembe tofauti. Sampuli ya mita moja kutoka moja ya hizo ilitoa kilo 0.803. Muuzaji alikuwa amejazia upungufu wa rundo kutoka shehena nyingine.

Zilirudishwa na lori lile lile, na mbadala zitaletwa Jumatatu bila malipo. Bila ule mstari kwenye ankara tungekuwa tunabishana juu ya neno D12, na neno hilo, kama B alivyosema, lina maana mbili sokoni. Sampuli ya dukani inathibitisha rundo la dukani. Mzigo unaoshushwa unapimwa upya, angalau nondo moja kwa kila aina ya alama unayoiona.

Jumatano, 26 Februari: Simiti, daraja na punguzo la mifuko 200

Namba kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, ni nguvu ya chini inayotakiwa baada ya siku 28, kwa megapaskali. Herufi ndiyo inayosahaulika. Ya 32.5R inatakiwa iwe imefika angalau 10 kwa siku mbili. Ya 32.5N haina sharti la siku mbili, inatakiwa ifike 16 kwa siku saba. Kwa kuta na plasta N inatosha, lakini kwa mshipi wa zege fundi anataka kufungua mbao mapema, na hapo R inastahili nyongeza yake ya Sh20. Basi bei za R zililinganishwa na R na za N na N, kila moja kivyake. Bei za 42.5N, Sh890 hadi 930, ziliachwa kwa sababu mchoro haukuidai.

Kwa 32.5N: Kisumu Sh740 ukichukua mwenyewe, Sh715 kuanzia mifuko 100 pamoja na usafiri, Sh700 kuanzia 200. Maseno Sh775, ikishushwa hadi ndani ya kiwanja.

Usafiri wa Kisumu uliishia kwenye lami. Kutoka hapo mkokoteni ulitoza Sh10 kwa mfuko na wapakuzi Sh5, kwa hiyo Sh700 ilikuwa Sh715 mlangoni. Bado ni nafuu. Tulichukua 200, tukiokoa Sh3,000 ukilinganisha na kununua 100 mara mbili. Mifuko kumi iliyopimwa ilikuwa na kilo 50 au zaidi kidogo.

Iliwekwa juu ya mbao, ikafunikwa na karatasi ya nailoni. Safu ya nyuma iliegemea ukuta.

Jumamosi, 5 Aprili: Punguzo lililoliwa na unyevu

Fundi hutumia mifuko 40 hivi kwa wiki, na wiki mbili za kuchimba na kungoja mchanga zilisimamisha kazi. Mvua za masika zikaanza kabla mifuko haijaisha. Leo, katika mifuko 38 iliyobaki, 7 ina mabonge. Yote ilikuwa kwenye safu iliyogusa ukuta wa matofali.

Bonge linalovunjika kwa vidole viwili limetokana na uzito wa mifuko ya juu, na simiti hiyo inatumika. Bonge lisilovunjika limeshakutana na maji na limefanya kazi yake tayari. Kuchekecha kunaondoa mabonge makubwa, lakini unga unaobaki nao umepungua nguvu, kwa hiyo hauingii kwenye zege wala kwenye tofali za kubeba mzigo. Mifuko 7 kwa Sh715 ni Sh5,005. Punguzo lilikuwa Sh3,000.

Marekebisho ni nafasi ya sentimita 30 kutoka kila ukuta, mifuko isiyozidi kumi kwa kimo, na oda ya kila mara isizidi matumizi ya wiki tatu. Kwa fundi wetu hiyo ni mifuko 120, yaani punguzo la 100 linafaa na lile la 200 halifai.

Inahitajika mifuko 30 zaidi ya kumalizia plasta. Kisumu ni Sh740, na lori la kukodi Sh3,500, yaani Sh117 kwa mfuko, jumla Sh857 kabla ya mkokoteni. Maseno ni Sh775 hadi kiwanjani. Oda imewekwa Maseno, italetwa mafungu mawili ya mifuko 15, la pili fundi akiwa amebakiza mifuko mitano.